AFYA NYUMBANI: Rangi za Kijiti, na Mkojo Uliooteshwa

Miezi michache iliyopita tulipata barua kutoka kwa mama mmoja akaaye karibu na Mwanhuzi, katika nchi ya Meatu. Tulimjibu kwa mkono wakati ule, kwa maana habari yake haikuweza kungoja kupigwa chapa. Sasa ametuandikia tena, naye ametupa ruhusa tuyaeleze mambo yake hapa bila kumtaja jina, ili wengine wapate kujua.

Ndani ya barua ile ya kwanza alikuwa amenakili cheti cha maabara, neno kwa neno. Nacho kilisema hivi: Protini +, Damu ++, Chembe nyeupe ++, Nitriti hakuna. Chini yake mtu ameandika “yutiai,” yaani ugonjwa wa njia ya mkojo, na jina la dawa. Akaandika, “Bwana Mtengenezaji, cheti hiki ni cha tatu. Nimemeza dawa za siku tano, nikameza nyingine za siku saba, kisha nikachomwa sindano. Kila nirudipo kupimwa, kijiti kinasema vile vile. Nina maumivu chini ya tumbo, na mkojo hunichoma kidogo unapokwisha. Na sasa mama mkwe amemwambia mume wangu ya kwamba ugonjwa usiosikia dawa si ugonjwa wa mwanamke mtulivu.”

Neno hili la mwisho ndilo lililotufanya tujibu siku ile ile. Kwa maana kijiti cha mkojo hakisemi lo lote juu ya utulivu wa mtu. Hebu tuone kwanza kinasema nini.

Kijiti ni kipande chembamba cha plastiki, chenye viraka vidogo vya karatasi vilivyobandikwa kwa safu, mara nyingi kumi. Kila kiraka kimelowekwa dawa yake, nayo hubadilika rangi ikutanapo na kitu fulani. Hutiwa katika mkojo kwa muda wa kuhesabu moja tu, kisha ubavu wake hukung'utwa ukingoni mwa chombo ili mkojo wa kiraka kimoja usimiminikie kingine. Halafu mpimaji hutazama saa. Kiraka cha protini na cha damu husomwa baada ya dakika moja hivi, cha chembe nyeupe baada ya dakika mbili. Asomaye upesi mno au akichelewa huona rangi isiyo ya kweli. Tena chupa ya vijiti ikiachwa wazi mezani katika joto na unyevu, viraka huharibika. Basi ukiona mahali chupa haina kifuniko, omba upimwe kwa kijiti cha chupa nyingine.

Kiraka cha damu hugeuka kutoka manjano kuwa kijani. Wala hakitambui damu kwa kuiona. Hutambua ile rangi nyekundu iliyomo ndani ya chembe za damu, hata ikiwa kidogo kiasi ambacho jicho laona mkojo ni wa manjano safi. Kwa hiyo mama wetu hakusema uongo alipomwambia mpimaji ya kwamba hajaona damu. Lakini damu ya mwezi ikichanganyika na mkojo, kiraka hugeuka vile vile, nacho hakiwezi kuipambanua na ile itokayo kibofuni. Hata chombo kilichooshwa kwa dawa ya kufanyia nguo nyeupe, kisisuuzwe vema, chaweza kukigeuza.

Kiraka cha chembe nyeupe hugeuka kuwa zambarau. Chembe nyeupe ni askari wa mwili, nazo huenda po pote penye jeraha au adui. Basi kiraka hiki chasema tu ya kwamba askari wamekusanyika. Hakisemi ni adui gani aliyewaita. Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata wale waliosoma. Huona zambarau, nao husema papo hapo, “bakteria.” Lakini askari hao hao huja pia kwa ajili ya kichocho, na kwa ajili ya jiwe la figo, na kifua kikuu cha figo, na magonjwa ya zinaa; tena kwa mwanamke asiyejisafisha kabla ya kukinga mkojo, chembe za ukeni huingia chomboni na kukigeuza kiraka bila ugonjwa wo wote wa kibofu.

Nitriti ni kiraka cha nne tunachokitaja, nacho hugeuka waridi. Bakteria wengi wa matumboni, hasa wale waitwao ekoli, wanajua kuigeuza chumvi iliyomo katika mkojo iwe nitriti. Lakini wahitaji muda wa saa nne hivi mkojo ukiwa umekaa kibofuni. Basi kiraka kikiwa waridi, pana bakteria kwa hakika nyingi. Kisipogeuka hatuwezi kusema hawapo, kwa sababu huenda mkojo haukukaa, au bakteria ni wa namna isiyofanya kazi hiyo.

Na protini? Kiraka chake hutoka manjano kuelekea kijani. Alama moja ni kama gramu 0.3 katika lita, alama mbili ni kama gramu 1. Figo nzima haiiachi protini ipite ila kidogo sana. Lakini damu na usaha vyenyewe vina protini ndani yake. Kwa hiyo protini ya alama moja ikifuatana na damu na chembe nyeupe, kama kwa mama wetu, mara nyingi ni mfuasi tu, wala si ushuhuda wa figo iliyoharibika. Protini iliyo peke yake, tena iliyorudi kuonekana kila apimwapo mtu, hiyo ndiyo ya kuogopwa kwa ajili ya figo.

Nasi tumkatishe mama wetu maneno kidogo, tuseme jambo moja la wenye mimba. Mwanamke aliyepita wiki ya 20 ya mimba, akikutwa na protini, sharti apimwe presha saa ile ile. Ikiwa imefika 140 kwa 90 au kupita, na hasa akiumwa kichwa au akiona ukungu machoni, hicho huenda ndicho kifafa cha mimba kinachokuja, naye hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Asikae nyumbani kungojea jibu la mkojo wo wote.

Turudi kwa mama. Tulimwandikia ya kwamba cheti chake kina neno moja ambalo wote watatu waliompa dawa walilipita: damu alama mbili, na nitriti hakuna, mara tatu, na dawa tatu zisizobadili cho chote. Tukamshauri mambo mawili. La kwanza, mkojo wake uoteshwe. La pili, utazamwe kwa hadubini kutafuta mayai ya kichocho. Akauliza kwa nini yote mawili. Nalo ni swali jema.

Kuotesha mkojo, ambako wapimaji hukuita kalcha, ni kazi iliyo karibu na ya mkulima. Mpimaji huchovya katika mkojo kitanzi kidogo cha waya kinachochukua sehemu moja tu ya elfu ya mililita. Huupaka juu ya chakula cha bakteria kilichogandishwa mfano wa uji mzito katika sahani, na sahani hulazwa katika kabati lenye joto la mwili wa mtu usiku kucha. Kila bakteria aliye hai huzaa hata kuwa kidoa kimoja kinachoonekana kwa macho. Kesho yake mpimaji huhesabu. Vidoa 100 kutoka kitanzi kile maana yake bakteria 100,000 katika mililita moja. Hesabu hiyo ilipata sifa kwa kazi ya tabibu Edward Kass wa Boston, Amerika, mwaka 1956, aliyetafuta njia ya kutenga ugonjwa wa kweli na uchafu ulioingia njiani. Ingawa leo twajua ya kuwa mwanamke mwenye dalili zilizo wazi aweza kuwa mgonjwa hata kwa hesabu iliyo chini ya hiyo. Vikiota vidoa vya namna tatu au nne pamoja, hayo ni magugu: chombo kilikuwa kichafu au mkojo haukukingwa vema, na kazi yapasa kuanzwa upya.

Kikiota kidoa cha namna moja, huja kazi ya siku ya pili. Bakteria wale hupandwa tena katika sahani nyingine, na juu yao huwekwa vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja kina dawa yake. Dawa iwezayo kuwaua huzungukwa na duara tupu pasipoota kitu. Nalo duara hupimwa kwa milimita. Dawa wasiyoijali, huota mpaka ukingoni pake. Katika nchi yetu ekoli wengi hawaijali tena ampisilini wala septrini, ambazo zamani zilitosha. Basi hapa ndipo kalcha inapoongeza neno lisiloweza kusemwa na kijiti hata kidogo: kijiti husema pana askari, kalcha husema adui ni nani, ni wengi kiasi gani, na silaha ipi itamwangusha. Nayo hutaka siku mbili au tatu, na fedha, na maabara yenye vifaa.

Lakini kalcha ina upofu wake. Huotesha bakteria wa kawaida tu. Mdudu wa kichocho haoti katika sahani, wala yai lake. Kifua kikuu cha figo hutaka chakula kingine na majuma mengi. Tena mtu aliyemeza dawa jana, bakteria wake huwa wamedhoofika wasiote, ingawa bado wamo. Jibu lake la “hakuna kilichoota” halina thamani. Kwa ajili hiyo tulimwambia mama angoje majuma mawili tangu sindano ya mwisho, maadamu hana homa wala maumivu ya kiunoni. Angekuwa na homa, na kutetemeka, na maumivu ubavuni, tungemwambia aende hospitali mara moja, akinge mkojo wa kuotesha kwanza, kisha aanze dawa bila kungoja jibu.

Sasa sikilizeni jambo tunalopenda msomaji alishike sana, kwa maana hata wapimaji wengine hulisahau. Mkojo wa kuotesha na mkojo wa kichocho si mkojo mmoja. Wa kuotesha hukingwa asubuhi, baada ya kujiosha kwa maji safi. Wa kwanza humwagwa, wa katikati ndio hukingwa katika chombo kisicho na kijidudu, na chombo hufika maabara kabla ya saa mbili kupita. Kikichelewa katika joto kama la Mwanhuzi, bakteria watatu wachafu huwa maelfu njiani, na jibu huwa uongo mtupu. Pasipo maabara karibu, hukaa katika sanduku la barafu au friji, au katika chupa yenye dawa ya kuwazuia wasizae. Lakini wa kichocho hukingwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu mayai hutoka kwa wingi saa hizo. Na yafaa mtu atembee kwanza mwendo kidogo. Tena matone ya mwisho ndiyo yenye thamani, yale yatokayo kibofu kikijikamua. Aliyekinga mkojo wa katikati saa moja asubuhi amejiandaa vema kwa kalcha, na vibaya kwa kichocho.

Mama alifanya yote mawili. Alisafiri na basi kwenda Mwanza kwa ndugu yake, akaenda Bugando asubuhi na mapema ili akinge mkojo pale pale, asiubebe njiani. Siku ya tatu akapewa jibu: hakuna kilichoota. Anasema alitoka pale akilia, kwa kuwa alidhani hawakuona ugonjwa wo wote na nyumbani wataendelea kumnong'ona. Kumbe jibu lile lilikuwa nusu ya habari njema. Damu ipo, askari wapo, bakteria hawapo, wala hakuna dawa iliyowaficha. Basi aliyewaita askari ni mwingine.

Aliporudi akapima mara ya pili karibu na kwake, saa sita mchana, baada ya kutembea kutoka stendi. Mililita 10 za mkojo zilichujwa, na karatasi ya kuchujia ikatazamwa kwa hadubini. Yakaonekana mayai 14, kila moja lina mwiba mmoja nchani. Mwiba ule wa nchani ndio alama ya kichocho cha mkojo. Yai la kichocho cha tumbo lina mwiba ubavuni. Mdudu mwenyewe alionekana mara ya kwanza na tabibu Mjerumani, Theodor Bilharz, huko Kairo mwaka 1851, akikaa katika mishipa ya damu. Na mwaka 1915 Mwingereza Leiper alionyesha Misri jinsi konokono wa maji anavyomlea.

Katika nchi ya Wasukuma konokono huyo hukaa hasa katika malambo na majaruba. Lambo likauka wakati wa kiangazi, mtu hudhani wamekufa wote. Lakini hujichimbia katika matope yanayokauka, na mvua ya kwanza huwaamsha. Vijana wa mdudu hutoka ndani ya konokono jua likiwa kali, karibu na adhuhuri, nao hupenya ngozi ya mguu au mkono uliomo majini bila kuacha jeraha. Mama huyu hulima mpunga, na hufua nguo lambani tangu utoto. Mayai yenye miiba hukwama katika ukuta wa kibofu na kuuchubua. Hapo ndipo damu, na chembe nyeupe, na ile protini moja ilipotoka.

Na yako mayai yakosayo njia ya kibofu na kukwama katika mlango wa kizazi. Hapo huleta maumivu, na uchafu, na damu baada ya mume na mke kukutana. Mtu asiyejua huona dalili hizo na kuzitia katika jina la zinaa. Twasema wazi: ugonjwa huu hupatikana kwa maji ya lambo, na msichana asiyemjua mume aweza kuwa nao. Haya tuliyaandika katika barua ya pili, tukaifunga kwa jina la mume.

Dawa yake ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, mara moja. Mama ana kilo 60. Hesabu yake ni miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya miligramu 600, baada ya kula. Alisikia kizunguzungu na tumbo kusokota hata jioni, kisha yakaisha. Dawa hii huua wadudu wazima, lakini wale wachanga walioingia majuzi hupona. Kwa hiyo hupimwa tena baada ya majuma sita au zaidi, na mayai hai yakionekana dawa hurudiwa. Watoto wa shule hupewa dawa hii shuleni kwa mpango wa serikali, lakini mama alimaliza shule zamani, naye hakuwa katika hesabu ya mtu ye yote.

Mtu asidhani sasa ya kwamba kila damu ya kijiti katika Meatu ni kichocho. Mwenye kichocho aweza kuwa na bakteria pia kwa wakati mmoja. Mayai hayafuti haja ya kalcha kwa mwenye homa. Wala mkojo mmoja usio na yai hautoshi kusema hakipo, ila hupimwa siku mbili au tatu. Na damu iliyobaki miezi mitatu baada ya dawa, hasa kwa mtu mzima, yataka kibofu na figo vitazamwe kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kwa maana kichocho cha miaka mingi huweza kuzaa saratani ya kibofu.

Katika barua yake ya mwisho mama amenakili vyeti viwili. Cha juma la sita: Protini hakuna, Damu alama ndogo, Chembe nyeupe hakuna. Cha juma la kumi na mbili: vyote hakuna, na kwa hadubini hakuna yai. Watoto wake wawili walipimwa, na mmoja alikuwa na damu alama tatu, naye amekwisha kupewa dawa. Mume alikataa kupimwa kwa mwezi mzima. Kisha akaenda mwenyewe, saa sita mchana, baada ya kutembea. Nao wakahesabu katika mkojo wake mayai 31.